Je, wajua kwa nini mtu mzima hufungiwa akaunti kwa kuwa "mtoto"?

"Mimi ni mtu mzima na watoto ninao. Inakuwaje Google waniambie sijafikisha umri, na nitawathibitishiaje?"

Kwa sababu kuna mahali uliandika tarehe inayokufanya uonekane hujafikisha miaka 13. Google haikuoni uso. Inachojua kuhusu umri wako ni hasa tarehe uliyoijaza mwenyewe.

Miaka 13 yenyewe ilitoka kwenye sheria ya Marekani ya kulinda watoto mtandaoni, COPPA, iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000. Sheria hiyo inazuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi, pale kampuni inapojua kwamba huyo ni mtoto. Uzito uko kwenye hilo neno "inapojua". Ukijaza tarehe ya mtoto, kampuni imeshajua, na haiwezi tena kujifanya haikuona. Nchi nyingine zimeweka umri mkubwa zaidi, lakini kwingi mstari ni huohuo wa 13.

Chukua mfano wa mama mwenye duka la vitenge Morogoro. Yeye alizaliwa tarehe 5 Machi 1988, duka alilifungua 14 Februari 2016. Anafungua akaunti ya Google kwa ajili ya duka, anafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, na kwa kuwa akaunti ni ya duka anaweka 2016. Wapo wengi wanaofanya hivyo, na wapo ambao kidole huteleza kwenye orodha ya miaka, wakabonyeza kuendelea bila kurudia kusoma.

Kosa la aina hii liliwakumba watu wengi wa Twitter Machi 2021. Ulienea uvumi kwamba ukibadilisha mwaka wako wa kuzaliwa kuwa 2007 utapata rangi mpya za kupendeza. Waliojaribu wakafungiwa. Mtu aliyezaliwa 2007 alikuwa ameshatimiza 13 wakati huo, lakini Twitter iliangalia pia umri wa siku akaunti ilipofunguliwa. Akaunti ya mwaka 2012 ikawa imefunguliwa na mtoto wa miaka 5 au chini yake.

Basi kwa nini usirudi tu ukaweka 1988? Kwa sababu mtoto wa miaka 10 naye angefanya hivyohivyo. Tarehe ya kwanza iliaminiwa kwa kauli yako. Ya pili inadai ushahidi.

Google ikishaona tatizo humpa mwenye akaunti siku 14 kulirekebisha. Mama wa vitenge anaingia kwenye akaunti kama kawaida na kukuta njia mbili: kuiweka chini ya usimamizi wa mzazi, ambayo ni ya watoto wa kweli, au kuthibitisha umri. Anachagua kuthibitisha. Hapo huweza kutumia kadi ya mkopo, ambayo wengi wetu hatuna, au picha ya kitambulisho cha serikali. Kinachotakiwa ni tarehe ya kuzaliwa isomeke. Wenye kadi ya NIDA watazame namba yao: tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ya huyu mama inaanza na 19880305. Lakini namba peke yake, iliyoandikwa kwenye karatasi au iliyokuja kwa ujumbe wa simu, si kitambulisho. Ambaye kadi yake haijatoka atumie paspoti au leseni ya udereva.

Picha ndiyo huwaangusha wengi. Kadi ina plastiki inayong'aa, na ukiwasha mwanga wa kamera doa jeupe hukaa juu ya maandishi, mara nyingi juu ya tarehe yenyewe. Zima mwanga huo, iweke kadi juu ya meza yenye rangi iliyokolea karibu na dirisha, pembe zote nne zionekane, kisha ikuze picha usome tarehe kwa macho yako kabla ya kuituma. Usipige picha ya fotokopi. Na usikubali mtu wa stesheneri "akurekebishie" chochote kwenye picha hata kama nia yake ni njema, maana hapo umeshatuma hati ya kughushi.

Siku 14 zikipita bila kufanya lolote, akaunti inazimwa, na baada ya siku 30 nyingine taarifa zake huanza kufutwa: barua pepe, picha, namba za wateja. Ndani ya muda huo watajitokeza watu WhatsApp wanaodai wana mtu ndani wa kukufungulia kwa malipo. Uthibitisho wa kweli unaufanya mwenyewe, ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, na hakuna ada. Anayekuomba picha ya kitambulisho na nywila kwa pamoja anaitaka akaunti hiyo iwe yake.