Jina Lipi Liende Wapi: Kupanga Majina Matatu katika Fomu za Masomo ya Nje

Fomu ya kuomba nafasi ya masomo nje ya nchi huanza na swali linaloonekana jepesi kuliko yote, nalo ni jina. Mwombaji mwenye majina matatu, yaani lake mwenyewe, la baba, na la babu au la ukoo, hukuta visanduku vitatu vya `First Name`, `Middle Name` na `Last Name`, akavijaza kwa kufuata mpangilio wa cheti chake cha shule. Katika fomu inayofuata hukuta visanduku viwili tu, `Given Name(s)` na `Surname`, na hapo hulazimika kuamua upya jina lipi libaki na lipi liachwe. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kupokea maombi ya udahili nimeona mafaili ya waombaji wenye sifa zote yakikwama kwa sababu uamuzi huo ulifanywa mara mbili, na kila mara kwa namna tofauti.

Mwombaji mwenye pasipoti hana haja ya kuamua chochote, kwa kuwa uamuzi ulikwisha kufanywa siku pasipoti ilipotolewa. Afungue ukurasa wenye picha na kutazama chini kabisa, penye mistari miwili ya herufi kubwa na alama za `<`. Mistari hiyo husomwa na mashine uwanjani na ofisi za viza, na huandikwa kwa kanuni moja duniani kote, iliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga katika waraka wake namba 9303. Kila mstari una nafasi 44, na 39 za mwisho katika mstari wa kwanza ni za jina. Tuchukue jina la mfano, Amina Juma Salehe, na nchi ya kubuni ambayo waraka wenyewe huipa alama ya UTO:

```
P<UTOSALEHE<<AMINA<JUMA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Herufi P ni ya pasipoti, na UTO ni nchi iliyoitoa. Kinachofuata hadi kwenye alama mbili `<<` ndicho jina la ukoo, hapa SALEHE. Baada ya alama hizo mbili yanakuja majina mengine yote, yakitenganishwa kwa alama moja moja, na alama zinazobaki ni za kujaza nafasi tu. Kwa mashine, basi, hakuna kitu kinachoitwa jina la kati. Kuna pande mbili pekee, na Juma yuko upande mmoja na Amina.

Jambo hili ndilo linalowapotosha wengi. `Given Name(s)` si jina la kwanza peke yake. Ni majina yote yasiyo ya ukoo. Kwa hiyo fomu yenye visanduku viwili ijazwe AMINA JUMA katika kimoja na SALEHE katika kingine. Fomu yenye visanduku vitatu ijazwe Amina, kisha Juma, kisha Salehe. Na ikiwa fomu ina `First Name` na `Last Name` bila nafasi ya jina la kati, waombaji wengi huliacha Juma nje, ilhali linapaswa kuandikwa pamoja na Amina katika kisanduku cha kwanza. Maneno `Surname`, `Family Name` na `Last Name` yote yanauliza jambo lile lile.

Sasa tuone kosa linavyozaliwa. Cheti cha sekondari cha mwombaji wetu kina majina mawili tu, Amina Juma. Anapojiandikisha kwa mtihani wa lugha anakishika cheti hicho mkononi, na kuandika Juma kama `Last Name`. Wiki chache baadaye anajaza fomu ya chuo akiwa na pasipoti, na kuandika Salehe. Matokeo ya mtihani yanapofika chuoni, mfumo unatafuta mtu anayeitwa Juma mwenye tarehe ile ya kuzaliwa na haumpati, kwa sababu aliyeomba anaitwa Salehe. Matokeo yanabaki yakielea bila mwenyewe, na faili la mwombaji linaendelea kuonyesha kwamba hajawasilisha matokeo. Dalili yake ni hiyo hiyo: umethibitishiwa kwamba matokeo yametumwa, lakini akaunti yako ya maombi bado inayadai. Ukiiona, usilipie kutumiwa mara ya pili. Iandikie ofisi ya udahili ukitaja namba ya usajili wa mtihani na namna jina lilivyoandikwa pale. Lakini kosa likigundulika kabla ya siku ya mtihani, ombi la marekebisho liende kwa waendeshaji wa mtihani bila kuchelewa, kwa kuwa mtahiniwa ambaye jina lake halilingani na kitambulisho anaweza kuzuiwa mlangoni.

Vyeti vya zamani visiguswe. Hakuna haja ya kuomba cheti kipya kwa sababu tu mpangilio wa majina umegeuzwa, maana afisa wa udahili mwenye uzoefu huutambua. Pale ambapo jina zima limekosekana au ni tofauti kabisa, kiambatishwe kiapo kilichoapwa mbele ya mwanasheria anayeruhusiwa, kikitaja majina yote kama yalivyoandikwa kwenye kila hati, na kikieleza kwamba ni ya mtu mmoja. Fomu ikiuliza majina mengine yaliyowahi kutumika, jina hilo la cheti litajwe pale. Kulificha huleta maswali ambayo kulitaja kusingeleta.

Ipo hali moja ngumu zaidi. Baadhi ya pasipoti hazitenganishi jina la ukoo na mengine, na mstari huonekana hivi:

```
P<UTOAMINA<JUMA<SALEHE<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Alama mbili `<<` hazionekani kati ya majina, na hivyo mashine husoma yote matatu kuwa jina la ukoo. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, ina maelekezo ya wazi kwa mtu wa namna hii: majina yote yaende kwenye `Surnames`, na katika `Given Names` ziandikwe herufi FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Nchi nyingine zina utaratibu wao, na maelezo yaliyo pembeni ya kisanduku ndiyo ya kufuatwa. Nionavyo mimi, mwenye pasipoti ya aina hii ambaye bado hajaomba chuo chochote afadhali aulize kwanza kwa waliompa pasipoti kama inaweza kurekebishwa, kwa sababu FNU ikishaingia kwenye viza huweza kumfuata hadi kwenye kitambulisho cha chuo na akaunti ya benki.

Majina yenye ng' yana jambo lake dogo. Kanuni ile ile huiondoa ritifaa katika mistari ya mashine, hivyo Wang'ombe husomeka WANGOMBE. Mfumo wa maombi ukikataa ritifaa, andika kama mashine inavyosoma, na usiweke nafasi mahali pake, kwani WANG OMBE ni majina mawili. Tiketi ya ndege yenye AMINAJUMA yaliyoshikana, kwa upande mwingine, isikutie hofu. Mifumo mingi ya tiketi huyaunganisha yenyewe.

Kwa ambaye bado hana pasipoti, nafasi ya kuchagua ingali wazi, na iko kwenye fomu ya kuombea pasipoti hiyo. Achague jina la ukoo ambalo liko pia kwenye cheti cha kuzaliwa na, ikiwezekana, kwenye vyeti vya shule. Amina mwenye vyeti vya Amina Juma angeweza kabisa kuwa na Juma kama jina la ukoo, iwapo cheti chake cha kuzaliwa kinaruhusu, na hati zake zote zingelingana bila kiapo. Siku ya kuichukua pasipoti, asome mstari wa kwanza wa mashine palepale dirishani, kabla ya kutia sahihi kwamba ameipokea.