Kwa nini mchango wa tasnifu utajwe dakika ya 2, si ya 15?

"Nina dakika 20 za kutetea tasnifu. Nitatajaje jambo jipya nililoleta kabla watahini hawajajua nilikoanzia?"

Litaje tu, kwa sentensi moja, ndani ya dakika 2 za kwanza. Usuli utafuata.

Nami niliwahi kuamini kinyume chake. Nilipanga slaidi kwa mfuatano wa sura: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo. Niliona huo ndio uaminifu kwa tasnifu. Lakini tasnifu yenyewe haisomwi hivyo, kwa sababu mbele yake kuna ikisiri, na msomaji anajua hitimisho kabla ya kufungua sura ya kwanza. Anayefuata sura slaidi kwa slaidi ameiacha ikisiri nyumbani. Tena watahini wameshaisoma kazi. Wasichojua ni wewe unaona uzito wake uko wapi.

Msikilizaji, tofauti na msomaji, hawezi kurudi nyuma. Ni kama mtu anayepokezwa mizigo mmoja mmoja bila kuambiwa inakwenda chumba gani. Wa kwanza na wa pili anaushika. Wa tano unamponyoka. Akijua chumba mapema, kila mzigo anautua mahali pake na mikono inabaki mitupu kupokea mwingine. Dai lako ndilo chumba hicho.

Chukua tasnifu ya kugundua mabomba ya maji yanayovuja. "Nimechunguza uvujaji kwa kutumia vihisi vya shinikizo" ni mada, wala haidai lolote. Dai ni hili: "Katika mtandao mmoja niliopima, kihisi kimoja kwa kila maungio matano kilitambua uvujaji uleule uliotambuliwa na kihisi kwenye kila maungio." Sasa slaidi ya mbinu ina kazi: inaeleza jinsi maungio hayo yalivyochaguliwa. Dakika 3 zitatosha kuonyesha pengo katika kazi zilizotangulia, 5 za mbinu, 7 za matokeo, na 3 za mwisho za mipaka.

Angalia maneno "mtandao mmoja niliopima". Ukiyaacha, mtahini atatumia muda uliobaki akitafuta mahali dai linapovunjika. Dai la mapema lazima liwe na ukubwa wake halisi.

Baadhi ya majopo huamuru mfuatano wa slaidi. Hapo usibishane nao. Sentensi ile iweke mwishoni mwa slaidi ya utangulizi. Na kazi za ufasiri, ambamo hoja hukua polepole, huenda zikahitaji dai jembamba zaidi mwanzoni.

Unapofanya mazoezi, simama dakika ya 3, umuulize msikilizaji wa fani nyingine nini kipya hapo. Akisema "unazungumzia mabomba yanayovuja", amepata mada tu, kaiandike upya sentensi yako. Akisema "vihisi vichache vilitosha pale ulipopima", endelea na slaidi inayofuata.