Asilimia ya nyama kwenye soseji na nyama ya kopo: inakuambia nini, na nini haikuambii

Pakiti ya soseji ikiandikwa "nyama asilimia 60", maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za mchanganyiko ulioingia kwenye mashine ya kiwanda, gramu 60 zilikuwa nyama. Gramu 40 zilizobaki ni maji au barafu, wanga, mafuta ya kuongeza, protini ya soya, chumvi, viungo vya ladha na dawa za kuhifadhi. Kwa kawaida kipimo hiki huchukuliwa wakati wa kuchanganya, kabla ya kupika au kufukiza moshi. Kwa nyama zinazokaushwa, kama salami, hesabu hugeuka, kwa sababu maji ya nyama yenyewe hupotea njiani. Ndipo unapokuta maelezo kama "gramu 130 za nyama zimetumika kwa gramu 100 za bidhaa". Si kosa la uchapaji.

Neno gumu katika "nyama asilimia 60" si asilimia, ni nyama. Katika sheria za Umoja wa Ulaya, nyama kwenye orodha ya viambato ni misuli iliyoshikana na mifupa, pamoja na mafuta na nyuzinyuzi zake za asili, lakini kwa kikomo. Mafuta hayatakiwi kuzidi asilimia 25 kwa ng'ombe, 30 kwa nguruwe na 15 kwa kuku. Yakizidi, ziada huandikwa kando kama mafuta. Moyo, ulimi na ini havihesabiwi humo, bali hutajwa kwa majina yake. Kwa hiyo hata pale sheria ilipo kali, "nyama ya ng'ombe asilimia 80" inaweza kuja na gramu 20 za mafuta katika kila gramu 100 za soseji bila mtu yeyote kudanganya. Ukitaka kujua kama ndivyo ilivyo, acha mbele ya pakiti na utazame mstari wa mafuta kwenye jedwali la virutubisho.

Kuna kiambato kimoja kinachostahili jicho la pekee: nyama iliyotenganishwa kwa mashine. Kuku akishakatwa minofu, mifupa yake hubaki na nyama kidogo iliyong'ang'ania. Mifupa hiyo husukumwa kwa nguvu kwenye chujio, na kinachotoka ni uji laini wa waridi wenye misuli, mafuta na chembe ndogo za mifupa. Ni chakula halali na si sumu, ila haina muundo wa nyama tena, ni rahisi sana kuliko mnofu, na ndiyo inayofanya soseji nyingi za bei nafuu ziwe laini kama krimu. Katika Ulaya huandikwa peke yake na haijumlishwi kwenye asilimia ya nyama. Si kila mahali wanafanya hivyo, kwa hiyo usiamini jumla iliyoandikwa mbele kabla ya kusoma orodha nyuma.

Tuchukue mfano wa kubuni wa pakiti ya gramu 400 yenye soseji 8. Mbele kuna picha ya ng'ombe na maneno "soseji za ng'ombe na kuku". Nyuma tunasoma: nyama ya kuku iliyotenganishwa kwa mashine asilimia 48, maji, nyama ya ng'ombe asilimia 12, wanga, mafuta ya mimea, protini ya soya, chumvi, viungo, fosfeti (E451), naitraiti ya sodiamu (E250). Jedwali linasema kwamba kila gramu 100 zina protini gramu 11, mafuta gramu 18 na sodiamu miligramu 850.

Viambato hupangwa kuanzia kizito hadi chepesi. Hapa maji yametangulia ng'ombe, kwa hiyo ndani ya soseji yenye picha ya ng'ombe kuna maji mengi kuliko ng'ombe. Soseji moja ni gramu 50, na ng'ombe aliyemo ni gramu 6, yaani kama kijiko cha chai cha nyama ya kusaga. Asilimia 60 tunazopata tukijumlisha kuku na ng'ombe ni za kweli, lakini nne kati ya kila sehemu tano zake ni ule uji wa mashine.

Protini gramu 11 nayo isikupumbaze. Nyama isiyo na mafuta ina takriban gramu 20 za protini kwa kila gramu 100, hivyo mtu angeweza kusema gramu 11 ni sawa na nusu ya soseji kuwa nyama safi. Ila soya nayo ni protini, na jedwali halitenganishi ya mnyama na ya mmea. Soya ikiwemo kwenye orodha, namba ya protini si ushahidi wa nyama.

Je, kama asilimia haikuandikwa kabisa? Mpangilio wenyewe una siri zake. Kiambato cha pili hakiwezi kuzidi nusu ya uzito wote, kwa sababu cha kwanza ni kizito angalau sawa nacho. Cha tatu hakiwezi kuzidi theluthi, na cha nne hakiwezi kuzidi robo. Nyama uliyoifuata ikiwa ya nne, robo ndiyo kikomo cha juu kabisa, na mara nyingi itakuwa chini sana ya hapo. Chumvi pia ni kipimo kizuri. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 850 ni kama gramu 2.1, yaani asilimia 2 hivi ya bidhaa. Basi chochote kilichoandikwa baada ya chumvi kiko karibu na asilimia 2 au chini yake. Nimeshaona kopo linalojinadi kwa kiungo fulani cha kifahari, kumbe kimeandikwa nyuma ya chumvi.

Kwa upande wa pesa, asilimia ya nyama hufanya kazi nzuri. Gawanya bei kwa gramu za nyama, si kwa gramu za pakiti. Pakiti yenye asilimia 60 ikisimama karibu na ya uzito uleule yenye asilimia 90, ile ya kwanza inapaswa kuuzwa kwa theluthi mbili ya bei ya pili ndipo ziwe sawa kwa nyama. Ikiuzwa kwa robo tatu, ile "rahisi" ndiyo ghali. Na hapo bado hatujasema kwamba mnofu na nyama ya mashine si kitu kimoja.

Watu wengi husimama hapo: wakipata kopo lenye asilimia 90, huona kwamba sasa wanaweza kulila kila siku. Hapo ndipo namba hii inapotumiwa vibaya. Asilimia ya nyama hujibu swali la unanunua nini. Swali la ununue mara ngapi hujibiwa na mistari mingine, hasa chumvi na dawa ya kuhifadhi, na nyama kuwa nyingi hakupunguzi chochote kati ya hivyo. Salami, ambayo kwa nyama inazishinda karibu zote, huwa pia miongoni mwa zenye chumvi kali zaidi, kwa sababu maji yametoka na chumvi imebaki.

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama iliyosindikwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa sababu ya saratani ya utumbo mpana. Kundi hilo linapima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Tumbaku imo humo humo, lakini soseji haiui kama sigara. Ukubwa wa hatari ulikadiriwa hivi: kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Hiyo ni asilimia 18 ya hatari uliyokuwa nayo tayari. Tuseme kati ya watu 1,000, 50 wangepata ugonjwa huu maishani. Wote wakila kiasi hicho kila siku, wangekuwa kama 59. Nyongeza ya watu tisa si ya kupuuza, wala si ya kumfanya mtu atupe kopo lililo kabatini.

Gramu 50 ndiyo soseji moja ya pakiti yetu. Mtu mmoja akila moja kila siku, hutumia gramu 350 kwa wiki, karibu pakiti nzima peke yake. Hii inakupa njia ya kujipima bila mizani: hesabu pakiti zinazoingia nyumbani. Pakiti moja ya gramu 400 kwa wiki katika nyumba ya watu wanne ni gramu 100 kwa kila mtu, wastani wa gramu 14 kwa siku. Pakiti tatu na nusu kwa wiki, na nyumba nzima imefika kwenye gramu 50. Wastani huo ni wa kweli tu kama watu wanagawana sawa. Mara nyingi watoto ndio wanaomaliza pakiti, na wao ndio wadogo kwa uzito.

Chumvi humbana mtu mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Soseji mbili za mfano wetu zina gramu 2.1, zaidi ya thuluthi ya kiwango hicho, kabla hujahesabu mkate na chakula cha jioni. Mwenye shinikizo la damu anayo sababu ya kusoma mstari wa sodiamu kwanza na asilimia ya nyama baadaye.

Mimi kwa nyumba kama hiyo ya watu wanne ningeweka pakiti moja kwa wiki mbili, na ningenunua yenye nyama nyingi, kwa kuwa ikinunuliwa mara chache bei yake haiumizi. Aliye na kawaida ya kila asubuhi atanufaika zaidi kwa kuondoa siku nne za wiki kuliko kwa kutafuta chapa bora ya kula siku zote saba.

Kuna maneno mawili ya kuyaangalia kwa wenye kutafuta njia ya mkato. "Haijaongezwa naitraiti", ile dawa ya kuhifadhi iliyokuwa kwenye pakiti yetu, mara nyingi huandamana na dondoo la seleri kwenye orodha. Mboga hiyo ina naitreti nyingi, na bakteria huigeuza kuwa naitraiti ileile kabla au wakati wa kutengeneza. Soseji mbichi, ambazo hukaa kwenye friji siku chache tu na huiva kwa rangi ya kahawia badala ya waridi, kweli nyingi hazina naitraiti. Hizo ndizo ningechagua kukiwa na chaguo, ila bado zina chumvi, mafuta na mara nyingine wanga, kwa hiyo orodha yake isomwe kama nyingine.