11:45 si 11.45, jamani

Nimeletewa tena ankara ambayo mwenyewe "ameshaimaliza, kaka, wewe kagua tu". Nafungua, nakuta 11:45 ya kwenye skrinshoti imegeuzwa 11.45 kisha ikazidishwa kwa bei ya saa. Nawatengenezea mafrilansa wa hapa Mtwara ankara zao, na hili nimelieleza kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa naliandika.

Programu ya kurekodi muda inapoandika 11:45 inamaanisha saa 11 na dakika 45. Dakika 45 ni robo tatu ya saa, kwa hiyo kwenye kikokotoo unaandika 11.75. Ukiandika 11.45 umezigawa dakika zako kwa 100 badala ya 60, na hapo zinapungua. Zinapungua kila mara, haitokei hata siku moja zikaongezeka. Anayepoteza ni wewe tu, ndiyo maana mteja halalamiki. Hiyo ni kangomba ya kujifanyia mwenyewe: mzani upo, unauza kwa bakuli.

Tuseme wewe ni mtafsiri, umekaa zako Shangani, na wiki yako iko hivi. Mradi wa mwongozo wa korosho una tafsiri 11:45 kwa shilingi 25,000 kwa saa, na uhariri 6:20 kwa shilingi 15,000. Mradi wa video una manukuu 9:50 kwa shilingi 18,000. Chini ya skrini kuna jumla, 27:55, na hapo ndipo watu wanapokimbilia. Jumla hiyo haizidishwi na kitu chochote. Kazi yake ni moja: kuhakiki kwamba mafungu yako yakijumlishwa yanarudi 27:55.

Mafungu yanapangwa kwa mradi kwanza, halafu ndani ya mradi kwa bei. Hapa kuna mtego, maana skrini ya muhtasari itakuonyesha mwongozo wa korosho ukiwa na 18:05, mstari mmoja msafi kabisa, wakati ndani yake mna bei mbili. Fungua orodha ya kazi moja moja usome maelezo. Kama umeandika "mwongozo" tu kila siku, bila kusema ni tafsiri au uhariri, mimi siwezi kukutenganishia, na sitabahatisha.

Wengine hujumlisha bei tatu, wakagawa kwa tatu, wakazidisha kwa saa zote. Wiki hiyo ingekupa 539,722. Stahili yako ni 565,750. Wastani huo unachukulia kwamba kila kazi imekula muda sawa, na tafsiri, yenye bei kubwa, ndiyo iliyokula muda mwingi.

Mimi hufanya kwa dakika. Tafsiri ni dakika 705, uhariri 380, manukuu 590. Zidisha kwa bei ya saa, gawa kwa 60: unapata 293,750, na 95,000, na 177,000. Kwa mtindo wa 11.45, wiki hiyohiyo inatoka 550,250. Shilingi 15,500 zimeyeyuka.

Wanaotumia jedwali la kompyuta wajue kwamba lenyewe huhifadhi muda kama sehemu ya siku. Muda ukiwa A2 na bei B2, fomula ni hii:

```
=A2*24*B2
```

Ukisahau 24, tafsiri ya wiki nzima inageuka elfu kumi na mbili na ushee, na hilo angalau linashtua. La kimyakimya ni jumla: seli ikiwa na muundo wa saa ya ukutani, 27:55 inaonekana 3:55, kwa sababu siku nzima imerukwa. Weka muundo wa `[h]:mm`.

Skrinshoti zenyewe sitazisemea sana. Nataka tarehe zionekane, saa iliyokuwa inakimbia iwe imesimamishwa kabla ya kupiga, na wiki iliyokatiza miezi isiingie mara mbili. Wiki ya 29 Septemba hadi 5 Oktoba 2025 inaweza kulipwa Septemba ikalipwa tena Oktoba, na safari hii mteja atalalamika.

Kinachonisumbua hadi leo ni kukadiria kwa robo saa. Mkataba ukisema muda ukadiriwe hadi robo iliyo karibu, je, ni kwa kila kipande cha kazi au kwa jumla ya fungu? Uhariri wa 6:20 ukikadiriwa kama fungu unakuwa 6:15. Lakini kama ni vipande vinne vya 1:35, kila kimoja kinashuka hadi 1:30, unabaki na 6:00. Mimi hukadiria fungu, na naandika hivyo chini ya ankara. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sahihi. Mteja anayetaka kwa vipande ana hoja pia, na mikataba ninayoletewa karibu yote hainyooshi jambo hili.