Kitovuni kuna pembe mbili

"Mwalimu, A, B na P ziko kwenye duara lenye kitovu O. Pembe AOB ya kitovuni ni 140°, nikagawa kwa 2 nikapata APB = 70°. Mbona nimekosa?"

Tazama P ilipo: kwenye tao fupi la AB. Wengi wa darasa letu la jioni hapa Temeke huteleza hapohapo. Pembe ya kugawa ni ile inayotazama tao lisilo na P, yaani tao refu.

AOB kubwa = 360° − 140° = 220° (jumla ya pembe kuzunguka nukta)

APB = 220° ÷ 2 = 110° (pembe ya kitovu ni mara mbili ya pembe ya mzingo, tao lilelile)

Hata kwa macho, P yako imepanuka kupita pembe mraba. Zile 70° ni za Q, iliyo kwenye tao refu; nazo 70° + 110° = 180° (pembe zinazokabiliana za pembenne ndani ya duara).