Kutuma pesa Kenya kutoka Dubai: kiwango halisi ni kipi?

Anayefanya kazi Dubai na kutuma pesa nyumbani Kenya hulipia mara mbili. Mara ya kwanza ni ada, ambayo huiona kwenye risiti. Mara ya pili haiandikwi popote: ni pengo kati ya kiwango anachopewa na kiwango cha kati, yaani kile ambacho benki kubwa hubadilishana sarafu zenyewe kwa zenyewe. Kiwango halisi huziweka gharama hizo mbili katika namba moja. Chukua shilingi zilizomfikia mpokeaji, zigawe kwa dirhamu zote zilizotoka mfukoni mwa mtumaji.

Cha kulinganisha nacho hakina shida kukipata, kwa kuwa tangu 1997 dirhamu imefungwa kwa dola: dola moja ni dirhamu 3.6725. Siku ambayo dola ni shilingi 129, gawa 129 kwa 3.6725, utapata shilingi 35.13 kwa dirhamu. Benki Kuu ya Kenya nayo hutangaza kiwango cha dirhamu kila siku ya kazi, kwa hiyo unaweza kuhakikisha.

Tuseme siku hiyo una dirhamu 1,000, basi. Bila gharama yoyote zingefika shilingi 35,126. Duka la kubadilisha fedha linakupa kiwango cha 34.60, na linatoza ada ya dirhamu 20 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 juu ya ada hiyo. Jumla ni dirhamu 21. Zinabaki 979, na nyumbani zinafika shilingi 33,873. Kiwango halisi ni 33.87, wala si 34.60 kilichobandikwa dirishani.

Programu ya simu inajitangaza kwamba haitozi ada. Ni kweli, lakini kiwango chake ni 33.60. Zinafika shilingi 33,600, pungufu ya zile za duka kwa shilingi 273. Neno “bure” hapa linahusu ada peke yake. Faida yao wameitia ndani ya kiwango.

Benki ndiyo ngumu kuikadiria, kwa sababu makato hutokea njiani. Inakata ada ya dirhamu 75, inabadilisha zilizobaki kuwa dola kwa 3.69, halafu benki ya kati inayopitisha pesa inachukua dola 15. Zikifika Nairobi, benki ya mpokeaji inanunua dola hizo kwa 127.50 badala ya 129, kisha inakata shilingi 500 za kupokea. Mama anapata takriban shilingi 29,550. Karibu asilimia 16 imeishia njiani, na risiti ya Dubai ilionyesha dirhamu 75 tu.

Usikimbilie kusema duka ni bora siku zote. Ada yake haibadiliki, lakini pengo la kiwango hukua pamoja na pesa unayotuma. Ukituma dirhamu 300, zile 21 za duka zinauma sana: zinafika shilingi 9,653, ilhali programu inafikisha 10,080. Ukituma 5,000, duka linafikisha shilingi 172,273 na programu 168,000. Kwa viwango hivi vya mfano, njia hizo mbili hukutana kwenye dirhamu 727 hivi. Chini ya hapo programu inashinda. Juu ya hapo, duka. Kwa hiyo anayetuma kidogo kidogo kila wiki kupitia duka anaweza kuokoa kwa kukusanya na kutuma mara moja kwa mwezi, kama nyumbani wanaweza kusubiri.

Mpaka huo husogea kila viwango vinapobadilika, ndiyo maana bei za njia zote zichukuliwe saa ileile. Ukichukua ya duka Jumatatu na ya programu Alhamisi, huenda tofauti unayoiona ni ya soko tu. Angalia pia kama kiwango ulichoonyeshwa ni cha wateja wapya. Baadhi ya kampuni hutoa kiwango kizuri kwa safari ya kwanza, kisha hukishusha. Pia uliza kama kiwango kinafungwa unapolipa au kitapangwa pesa ikifika. Kisipofungwa, namba uliyopewa ni makadirio.

Mwisho, angalia mpokeaji ataipokeaje. Pesa ikiingia kwenye M-Pesa, kuitoa kwa wakala kuna makato. Ikichukuliwa taslimu kwenye tawi, mara nyingi hakuna. Mama akilipa karo moja kwa moja kutoka kwenye simu, hesabu ni nyingine tena. Katika kugawa, tumia shilingi zile ambazo ataweza kuzitumia kwa namna anayozitumia yeye, na kama huzijui, mpigie umuulize zilizomfikia mara ya mwisho.