Kubeti mashuti ya mchezaji: dakika ndizo zinazoamua

Dhana: Wastani wa mashuti kwa mechi unatosha kupima ova na anda.

Huu ndio wastani unaosambaa kwenye magrupu ya mikeka, na ndio unaopoteza watu wengi. Unachanganya mechi ambayo mchezaji alicheza dakika 85 na ile aliyoingia dakika ya 78, kana kwamba ni kitu kimoja.

Tuchukue winga wa mfano. Ameanza mechi 9, kila moja kwa takriban dakika 70, na kwa jumla ya dakika hizo 630 amepiga mashuti 21. Mechi nyingine 5 ameingia kama sabu, dakika 18 kila moja, akapiga mashuti 5. Jumla ni mashuti 26 katika mechi 14, yaani 1.86 kwa mechi. Lakini anapoanza anapiga mashuti 21 kwa dakika 630, ambayo ni 3.0 kwa kila dakika 90. Hiyo ndiyo kasi yake halisi ya kuanzia.

Leo anaanza, na winga mwenzake anayempokea kila mara ameumia. Kwa hiyo tunamkadiria dakika 75. Hesabu ni 3.0 mara 75, gawanya kwa 90: tunategemea mashuti 2.5.

Kampuni imeweka ova 1.5 kwa odi ya 1.60. Ukigawanya 1 kwa 1.60 unapata asilimia 62.5, hicho ndicho kiwango ambacho uwezekano wa ova unapaswa kuvuka ili dau liwe na thamani. Mgawanyo wa Poisson, kanuni inayogeuza wastani kuwa uwezekano wa kila idadi ya mashuti, unatoa jibu, na Excel inaufanya kwa mstari mmoja:

```
=1-POISSON.DIST(1,2.5,TRUE)
```

Jibu ni takriban asilimia 71. Thamani ipo. Aliyetumia 1.86 angepata asilimia 55 au 56 tu, akaliruka dau zuri.

Dhana: Kama nategemea mashuti 2.5, basi ova 2.5 ni nusu kwa nusu.

Hapana. Ili ova 2.5 iingie anahitaji mashuti 3 au zaidi, na kwa wastani huo uwezekano ni takriban asilimia 46. Mechi chache za mashuti mengi, 5 au 6, zinavuta wastani juu, huku mechi nyingi zikiishia chini ya 3. Odi ya haki hapa ni karibu 2.19. Ukipewa 2.00 na ukaona ni sawa, unanunua kwa hasara. Mchezaji ni yuleyule na siku ni ileile, lakini ova 1.5 inafaa na ova 2.5 haifai.

Dhana: Akishatajwa kwenye kikosi cha kwanza, kazi imekwisha.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote. Ligi Kuu ya England inaruhusu sabu tano tangu msimu wa 2022/23, na mawinga ni miongoni mwa wanaotolewa mapema. Winga wetu akitolewa dakika ya 60 badala ya 75, tunategemea mashuti 2.0 tu, na uwezekano wa ova 1.5 unashuka hadi asilimia 59. Odi ileile ya 1.60 imegeuka mbaya, kwa robo saa tu.

Kwa hiyo angalia kocha amekuwa akimtoa dakika ya ngapi, kama anarudi kutoka majeruhi, na kama timu ina mechi nyingine katikati ya wiki. Soma pia masharti ya kampuni: dau linarudishwa asipoanza, au akikanyaga uwanja tu linahesabiwa? Aliyeingia dakika ya 80 anaweza kuzika mkeka wako.

Dhana: Sabu anayepiga sana atapiga hivyohivyo akianza.

Winga wetu kama sabu ana kasi ya mashuti 5 kwa dakika 90. Usiipeleke kwenye mechi anayoanza. Mwishoni mabeki wamechoka, nafasi zimefunguka, naye ana miguu mipya. Tenganisha kasi hizo mbili.

Dhana: Hesabu hiihii inafaa kwa pointi za kikapu.

Nusu yake. Pointi kwa dakika mara dakika zinazotarajiwa hufanya kazi NBA pia, na huko faulo za mapema au timu kuachwa mbali hukata dakika za nyota. Ila vikapu huja kwa pointi 1, 2 na 3, hivyo usitumie Poisson kwenye pointi.

Dhana: Mechi 9 zinatosha kuijua kasi yake.

Mashuti 21 ni machache. Kwa bahati tu yangeweza kuwa 16 au 26, yaani kasi ya kati ya 2.3 na 3.7. Isogeze kidogo kuelekea wastani wa mawinga wa ligi hiyo, kisha piga hesabu upya. Ikishuka hadi 2.6, kwa dakika zilezile 75 ova 1.5 inabaki na takriban asilimia 64, na ile thamani ya 1.60 karibu yote imeyeyuka.